Watoto wamepanda mti: wako juu yake, au wameuotesha?

*Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili wageni wanaokuja kujitolea hapa Moshi. Wiki iliyopita mmoja alinionyesha sentensi "Watoto wamepanda mti" akaniuliza kama wameukwea au wameuotesha. Nikamwambia inategemea muktadha. Akaniuliza: huo muktadha ni nini hasa, na unautafuta wapi? Nikakwama. Tulipofika kwenye "kata" ndiyo nikakwama zaidi. Nimjibu nini?*

Marahaba, mwalimu. Mwambie aanze na kilicho karibu kabisa na neno lenyewe, kisha asogee nje kidogo kidogo. Sehemu kubwa ya huo muktadha imo ndani ya sentensi na ile inayoifuata: kwenye kiambishi cha kitenzi, kwenye kitu kinachotendwa, kwenye umoja na wingi, kwenye upatanisho wa ngeli. Msemaji ni nani na ni mwezi gani wa mwaka, hayo tunayauliza baadaye, pale sarufi inaponyamaza. Sisi tuliokua na lugha hii tunazipita hatua zote hizo kwa kufumba na kufumbua, ndiyo maana mtu akituuliza tumefikaje tunabaki na neno moja tu, "muktadha".

Kabla ya kuifungua sentensi yake, ajue kwamba panda ya kukwea na panda ya kuotesha ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti. Kamusi huyapa vidahizo viwili tofauti, vikitengwa kwa tarakimu. Kuna njia rahisi ya kulionyesha hilo darasani: jaribu kuyafunga kwa "na" moja. "Amepanda basi na pikipiki" inasikika sawa, kwa sababu ni panda ile ile. "Amepanda mlima na mahindi" inakwaruza sikio. Kitenzi hakiwezi kuvibeba vitu viwili hivyo kwa pamoja, na huo mkwaruzo ndio ushahidi kwamba hapo pana maneno mawili.

Asitegemee sauti kumsaidia. Yapo maneno machache ambayo mkazo huyatenga, kama barabara ya magari, yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ile ya "kazi imekwenda barabara", ambayo mkazo hurudi nyuma silabi moja. Lakini panda zote mbili mkazo wake uko pale pale, na kata zote vivyo hivyo. Aliyezisikia na aliyezisoma wako kwenye hali moja.

Sasa sentensi yenyewe. Tuanze na kiima. Watoto hukwea miti na watoto huotesha miti, hasa wakiwa shuleni, kwa hiyo kiima hiki hakichagui upande. Kibadilishe uone. Andika "Mgeni rasmi amepanda mti" na hakuna atakayemwona mgeni rasmi akiwa kwenye matawi na suti yake. Andika "Chui amepanda mti" na hakuna atakayemfikiria chui na jembe. Kitenzi ni kile kile, kitendwa ni kile kile, kilichoamua ni mtenda. Sentensi ya mgeni wako ni ngumu kwa sababu imechagua mtenda anayeweza yote mawili.

Tukiingia kwenye kitenzi, tunakutana na -me-. Hapa pana jambo ambalo walimu wengi hulipita haraka. Kwa vitenzi vya mkao na mwendo, -me- hueleza hali iliyopo sasa hivi. Amekaa, yaani yuko kwenye kiti. Amelala, yaani yuko usingizini. Amepanda gari, yaani yumo ndani. Kwa hiyo "watoto wamepanda mti" kwa maana ya kukwea inatuambia kwamba saa hii wako juu. Kwa maana ya kuotesha inatuambia tu kwamba kazi imeisha na mti uko ardhini, watoto wenyewe huenda wameshafika nyumbani na wanakula. Ndiyo maana sentensi inayofuata huwa inaumaliza ubishi wote. Ikiwa ni "Waambie washuke", wamekwea. Ikiwa ni "Waambie waumwagilie", wameotesha. Mfundishe mgeni wako kujiuliza swali moja: watoto wako wapi sasa? Akiweza kulijibu kutokana na maneno yaliyopo, maana ameshaipata. Lakini -me- ikibadilika kuwa -li-, "watoto walipanda mti", msaada huo unapotea, kwa sababu -li- haisemi lolote kuhusu sasa.

Halafu kuna mti wenyewe, ukiwa mmoja au mingi. Anayekwea hukwea mti mmoja kwa wakati mmoja, anayeotesha kwa kawaida huotesha mingi. "Watoto wamepanda miti mia mbili" haina utata wowote, kwa sababu idadi imeshasema. Umoja huegemea upande wa kukwea, ila kidogo tu, maana mti mmoja nao huoteshwa kwa kumbukumbu ya mtu au ya siku fulani. Na mkulima wa huku kwetu akiwa anaotesha, mara nyingi hataji mti. Hutaja mche. Mche haukweleki. Neno hilo moja likiingia kwenye sentensi, maana ya pili haina tena pa kusimama.

Minyambuliko nayo husema mengi. Pandisha ni ya ukoo wa kukwea na kuinuka: kupandisha bei, kupandisha bendera, kupandishwa cheo, na hata kupandisha ng'ombe, maana dume nalo hupanda. Pandikiza ni ya ukoo wa shamba: unaotesha kitaluni, kisha unahamishia mahali pa kudumu. Wanaolima mpunga Mabogini na Chekereni, kwenye skimu ile ya umwagiliaji ya Moshi ya chini, wanasema kupandikiza mpunga, na huwezi kumkuta yeyote kati yao akisema wanaupandisha. Kwa hiyo mgeni wako akikutana na -ish- au -ikiz- anaweza kutulia, chaguo limeshafanywa. Akikutana na pandia asitulie bado, kwa sababu hiyo koo zote mbili zinaitumia. Duka la pembejeo linauza mbolea ya kupandia, inayowekwa shimoni pamoja na mbegu, tofauti na mbolea ya kukuzia inayokuja mimea ikishasimama. Duka la vifaa vya ujenzi jirani yake linauza ngazi ya kupandia. Kupandia ni ile ile herufi kwa herufi, na kinachochagua ni nomino iliyo mbele yake. Hakuna anayekwea kwa mbolea.

Nadhani umeshaanza kuona kwamba karibu kila kidokezo hapa kina nguvu ya kuelekeza, ila hakifungi mlango. Nilijifunza hilo kwa aibu, na kisa chenyewe kinafaa umpe mgeni wako kama zoezi.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa natafsiri taarifa za kikundi cha akina mama wa kwenye miteremko ya Meru, huku Arusha, kwa ajili ya wafadhili wao. Mahali fulani paliandikwa hivi: "Wanachama 32 walipanda mlimani mwezi Machi. Zaidi ya nusu ilishika kabla ya kiangazi." Mimi nilikuwa na kanuni yangu kichwani, ambayo nilikuwa nimeifundisha kwa miaka: ukiona panda na mahali penye -ni, basi ni kukwea. Wamepanda mtini, wamepanda darini, wamepanda kitandani. Nikaandika kwamba wanachama 32 waliukwea mlima. Sentensi ya pili ikanipa taabu kidogo, nikailazimisha iseme kwamba zaidi ya nusu yao walivumilia mpaka karibu na kiangazi. Wafadhili wakaandika kuuliza kwa nini fedha ya miti imetumika kwenda kutembea mlimani. Katibu wa kikundi akanipigia simu, hakuwa na hasira, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa: "Mama, hatukukwea popote. Tulipanda miche."

Itazame tena taarifa ile. Jibu lilikuwa wazi mbele yangu, kwenye herufi moja: *ilishika*. Kama wanaozungumziwa wangekuwa wanachama, kiambishi kingekuwa wa-, "zaidi ya nusu walishika". Ile i- ni ya miche, ngeli ya mti na miti, na miche haikutajwa kwa sababu katibu na wenzake walikuwa wameizungumza ukurasa mzima uliotangulia. Na kushika kwa mche ni neno la shambani kabisa: mche umeshika, yaani mizizi imekubali udongo. Mwezi Machi nao, masika yanaanza. Nilikuwa na vidokezo vitatu vinavyosema kuotesha na kimoja kinachosema kukwea, nikakishika hicho kimoja kwa kuwa kilikuwa na sura ya kanuni. Tena kanuni yenyewe ilikuwa na tundu. Mlima, tofauti na dari au kitanda, ni kitu cha kukwea na vilevile ni mahali pa kulima. "Walipanda mlimani" inaweza kuwa njia waliyopita au shamba walilofanyia kazi. Kanuni ya -ni hufanya kazi pale tu ambapo mahali penyewe hapalimiki.

Tangu siku ile, nikikuta kitenzi tata kisicho na kitendwa, huenda kwanza kwenye sentensi inayofuata kutafuta kiambishi kinachokirejea kitendwa kilichoachwa. Upatanisho wa ngeli ni kitu ambacho lugha nyingi za wageni wetu hazina, na kwa hiyo hawana mazoea ya kuuona kama ushahidi. Wanauona kama mzigo wa kukariri. Waonyeshe kwamba ile i-, li-, zi- au wa- ni kama uzi uliofungwa kwenye nomino. Hata nomino ikiwa haionekani, ukiuvuta uzi utaifikia.

Kuna wakati hata uzi huo haupo. Mtu anakwambia "Kesho tunapanda", basi, hakuna zaidi. Hapo ndipo tunapotoka nje ya sentensi. Hapo kwenu Moshi majira yanakusaidia kuliko mahali pengi. Vijana wanaobeba mizigo ya wageni mlimani, wale wagumu, wana msimu wao mkubwa kuanzia Juni hadi Oktoba na mwingine mfupi Januari na Februari, mvua zikiwa zimekatika. Wakulima wana masika, Machi hadi Mei. Kijana wa Machame akisema mwezi wa nane "kesho tunapanda", anakwenda getini na begi. Mama yake akisema maneno hayo hayo mwishoni mwa Machi, anakwenda na mbegu za mahindi. Lakini familia nyingi za huko zinafanya yote mawili, na Machi mwanzoni mlima na shamba vinaweza kugongana. Hapo dawa ni kuuliza: "Mnapanda nini?" Mzawa akisikia sentensi hiyo ghafla, bila kujua habari iliyotangulia, naye huuliza. Mgeni wako asione kuuliza kuwa ni upungufu wa Kiswahili chake.

Niguse haraka panda ya tatu, ile ya njia panda, kwa sababu wageni wako hupita hapo Himo. Hii ni nomino, kitu kilichogawanyika kama uma, ndiyo hiyo hiyo panda ya manati. Haina kiambishi cha nafsi, inakaa nyuma ya nomino nyingine na haitendi lolote. Konda wa gari linalotoka Same akimwambia abiria "Shuka Njia Panda, upande gari la Marangu", mgeni akitafuta nani anatenda, ataona kwamba panda ya kwanza haina mtenda na ya pili inaye, u- ya wewe. Basi, hiyo haina shida zaidi ya hapo.

Kata inatutaka tufikiri tofauti. Kitenzi kata, kwa sehemu kubwa, ni neno moja lililotoa matawi mengi, wala si maneno mengi yaliyogongana. Juu ya hilo kuna kata za nomino. Kwa hiyo swali la kwanza ni: hiki ni kitenzi au nomino? Chukua maneno mawili, "Kata hiyo". Ukiishia hapo, unaweza kuwa unamwamuru mtu akate ndizi fulani, au unaizungumzia kata fulani ya Moshi. Tazama kama baada yake kuna kitenzi kingine kinachopatana na kata. "Kata hiyo ina shule mbili": i- ya *ina* inarudi kwa kata, basi kata ni nomino na ndiyo kiima. "Kata hiyo uniletee": hakuna kitenzi kinachoirejea kata, na *uniletee* inamwelekea mtu anayeambiwa, basi kata ni amri. Ukiwa unasoma, mwandishi anaweza pia kuwa amekusaidia kwa herufi kubwa, Kata ya Rau, Kata ya Kiusa. Ukiwa unasikiliza, huna hilo.

Ikishakuwa nomino, upatanisho hautusaidii tena, na hapa mgeni wako lazima aambiwe ukweli. Kata ya diwani, kata ya kuchotea maji mtungini, na kata ya kuweka kichwani chini ya mzigo, ambayo wengi tunaiita ngata, zote zinakwenda ngeli moja. Kata hii, kata hizi, kata yangu. Kinachozitenga ni kile kinachofanyika. Kata iliyovunjika mpini ni ya maji. Kata iliyogawanywa kuwa mbili ni ya diwani. Kata iliyofumwa kwa majani makavu ya mgomba ni ya kichwani. Katika magazeti na ofisini atakutana na ile ya diwani karibu kila mara, kwa hiyo aanze na hiyo, na ahame pale tu inapogoma.

Ikiwa ni kitenzi, nenda moja kwa moja kwenye kinachokatwa. Wanafunzi hupenda kupewa orodha ndefu ya misemo wakariri. Mimi huwauliza kitu hicho ni cha namna gani. Kama kinashikika mkononi, kamba, mkungu wa ndizi, nywele, ni kata ya kisu, panga au mkasi. Kama ni kitu kinachotiririka au kuendelea, umeme, maji, simu, mazungumzo, kiu, basi kata ni kukisimamisha. Tamaa nayo iko hapa: tamaa katika msemo huu ni matumaini, na aliyekata tamaa ameyasimamisha. Kama ni fedha inayomfikia mtu, mshahara au malipo, kata ni kupunguza kabla haijafika mkononi. Kama ni karatasi ya haki fulani, tiketi, leseni, bima, risiti, kata ni kuilipia na kuipata, au kumtolea mwingine. Ninavyoiona mimi, hii imetokana na zile tiketi za kuchanwa kutoka kwenye kitabu, kishina kikabaki. Na kama ni shauri au hukumu, kata ni kufikia mwisho wa kufikiri. Ukiwapa namna hizo tano, hata wakikutana na msemo mpya wanaweza kuukisia. Timu "imekata tiketi ya fainali", na hakuna dirisha la tiketi popote, lakini haki ya kucheza imepatikana.

Mahali ambapo namna hizo hazitoshi ni kwenye katia na katiwa. Kiambishi kile cha -i- kinamleta mtu wa pili anayeguswa na tendo, ila hakisemi kama ameguswa kwa wema au kwa ubaya. "Nimekatiwa bima" ni jambo jema. "Nimekatiwa umeme" ni baya. "Nimemkatia mama" pekee yake inaweza kuwa tiketi ya kwenda Dar es Salaam, simu uliyoifunga akiwa bado anaongea, au kipande cha ndafu harusini. Kwa maneno hayo matatu hakuna kanuni itakayokuokoa, lazima kitu kilichokatwa kitajwe au kiwe kimeshatajwa. Mwanafunzi wako akiandika, mshurutishe akitaje.

Kuna jozi moja naipenda kuifundisha kwa kuwa inaonyesha kwamba uchaguzi unaweza kwenda pande zote mbili. Tumezoea kusema kitendwa kinaichagulia maana kitenzi. Sasa tazama rufaa. Mtu asiyeridhika na hukumu ya mahakama ya wilaya *hukata rufaa* Mahakama Kuu. Mgonjwa aliyeshindikana kwenye kituo cha afya *hupewa rufaa* kwenda KCMC. Rufaa zote mbili ni kuhamisha jambo kwenda ngazi ya juu, lakini ya mahakamani anaianzisha mhusika mwenyewe, na ya hospitali anaandikiwa na daktari. Hapa kitenzi ndicho kinachoichagulia maana nomino. Ukisikia "amekata rufaa" huna haja ya kuuliza kama anaumwa. Lakini mtu akisema "rufaa yake imekwenda Mawenzi", sasa kitenzi hakisaidii, na mahali ndiyo inayoamua, kwa anayejua kwamba Mawenzi ni hospitali.

Tuyaweke yote kwenye ujumbe mmoja wa aina ambayo mgeni wako anaweza kuukuta kwenye simu ya mwenyeji wake: "Kata yetu imekatiwa maji tangu Jumatatu. Diwani alikuwa ananieleza akakata simu. Wengine tumeshakata tamaa, ila mzee amekata shauri kwenda mwenyewe." Kata ya kwanza ina *yetu* nyuma yake na i- ya *imekatiwa* inairejea, basi ni nomino. Kati ya zile tatu, kata ya kuchotea na ngata hazifungiwi maji, na diwani anatokea sentensi ya pili, basi ni eneo. *Imekatiwa maji*: maji hutiririka, basi yamesimamishwa, na -iw- inasema waliopatwa ni wakazi, kwa ubaya. *Akakata simu* ina kitego kidogo, kwa sababu simu ni kitu cha kushikika na mtu anaweza kudhani imekatwa kwa kisu, lakini *alikuwa ananieleza* imetuonyesha kwamba kilichokuwa kikiendelea ni mazungumzo. *Tumeshakata tamaa* imesimamisha matumaini. *Amekata shauri* iko karibu nayo kwa sauti na mbali nayo kwa maana, mmoja ameacha na mwingine ameamua, na ile *ila* katikati yao inatuambia kwamba pande hizo mbili zinapingana. Mgeni asiyeijua "kata shauri" anaweza kuikisia kutokana na *ila* na *kwenda* peke yake.

Jumatatu ukikutana naye, usimpe kwanza jibu la sentensi yake, kwa sababu jinsi ilivyo haina jibu moja. Mpe sentensi ileile mara tatu, kila mara na kitu kimoja kimeongezwa, aseme kimebadilika nini: "Watoto wamepanda mti, waambie washuke." "Watoto wamepanda mti, bado haujashika." "Watoto wamepanda mti wa shule." Hiyo ya tatu atakwama, na akwame, kwa sababu *wa shule* haijamwambia lolote kuhusu tendo. Kisha mwambie aiandike upya yeye mwenyewe ili isiweze kusomwa vingine. Akiandika "wamepanda juu ya mti" au "wamepanda mche", umemfikisha. Akiandika "wamepanda mtini", mwambie kwamba upo pia mti unaoitwa mtini, ule unaozaa tini, na mwombe ajaribu tena.